Antena ya Nje au Kipaza Mawimbi kwa Ruta ya Laini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye ruta inayotumia laini ya simu (4G au 5G) ndani ya nyumba ambayo mtandao unashika kwa taabu. Majibu mengi yanarejea nyumba moja niliyoifanyia kazi, kwa sababu namba zake zinaonyesha vizuri mahali ambapo watu hupoteza fedha. Kama una haraka, soma kwanza sehemu ya kebo.

## Kabla hujanunua chochote

Simu yangu inaonyesha waifai imejaa, mbona intaneti haiendi?

Kuna safari mbili hapo. Ya kwanza ni kutoka simu yako hadi kwenye ruta, na hiyo ndiyo waifai. Ya pili ni kutoka kwenye ruta hadi mnara wa kampuni ya simu. Alama ya waifai inakuambia habari za safari ya kwanza tu. Antena ya nje inatibu ya pili. Kama kasi ni nzuri ukiwa karibu na ruta na mbaya ukiwa chumba cha mwisho, tatizo lako ni waifai, na ukurasa huu hautakusaidia.

Nitajuaje kama mawimbi ndiyo yenye shida, na si mnara uliojaa watu?

Usiamini ile mistari ya netiweki kwenye ruta. Kila mtengenezaji huihesabu anavyotaka. Fungua ukurasa wa ruta kwenye kivinjari. Anwani imeandikwa kwenye kibandiko kilicho chini yake, mara nyingi `192.168.8.1`, `192.168.1.1` au `192.168.0.1`. Ingia, kisha tafuta sehemu ya taarifa za kifaa au hali ya mtandao. Humo utakuta namba mbili za maana: `RSRP` na `SINR`.

`RSRP` ni nguvu ya mawimbi yanayofika. Huandikwa kwa namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo inavyokuwa nzuri. Kwenye -80 mawimbi ni mazuri sana. Kwenye -100 yanafaa lakini si ya kujivunia. Kuanzia -110 kwenda chini ruta inahangaika, na karibu na -120 inakatakata.

`SINR` ni usafi wa mawimbi: ni kiasi gani sauti ya mnara wako inazidi kelele na minara mingine. Hii ndiyo namba ninayoiangalia zaidi, kwa kuwa kasi huifuata hiyo kuliko kitu kingine chochote. Juu ya 20 ni safi kabisa, kati ya 10 na 20 inaridhisha, na ikikaribia sifuri au ikiwa hasi, hata mawimbi yenye nguvu hayatakupa kasi.

Sasa pima kasi mara mbili: saa mbili usiku na saa kumi alfajiri. Kama `SINR` ni ileile lakini kasi ya alfajiri ni mara kadhaa ya ile ya usiku, mnara umezidiwa na watumiaji. Antena haiwezi kuwapunguza. Kama kasi ni mbaya saa zote na namba nazo ni mbaya, endelea kusoma.

Je, kuhamisha ruta tu kunaweza kutosha?

Mara nyingi sana, ndiyo, na ndiyo hatua ya kwanza isiyo na gharama. Ukuta wa zege, paa la bati na kioo chenye utando wa kuzuia joto hula mawimbi vibaya. Katika nyumba niliyoitaja, ruta ilikuwa mezani sebuleni, ghorofa ya chini: `RSRP` -112, `SINR` 2. Tulipoipandisha ghorofani na kuiweka kwenye dirisha linalotazama upande wa mnara, ikawa -104 na `SINR` 7. Hakuna aliyenunua hata skrubu.

Zungusha ruta nyumba nzima kwa kebo ndefu ya umeme. Kila mahali subiri dakika moja, andika namba, sogea. Hata kuisogeza sentimita 30 kunaweza kubadilisha mambo, kwa sababu ndani ya nyumba mawimbi hugonga kuta na kurudi, yakajenga mahali na kubomoa mahali pengine.

## Kuchagua antena

Antena inaongeza nini hasa, ilhali haina umeme?

Haitengenezi nguvu mpya. Inafanya mambo mawili. Kwanza, inakutoa nyuma ya ukuta na kukupandisha juu, na kwa nyumba nyingi hii ndiyo faida kubwa kuliko zote. Pili, antena ya kuelekeza inakusanya kutoka upande mmoja na kuyapa kisogo yanayotoka pande nyingine, mfano wa mtu anayekinga kiganja sikioni. Ndiyo maana `SINR` hupanda hata pale `RSRP` inapopanda kidogo tu: minara mingine imenyamazishwa.

Faida hiyo inakwenda pande zote mbili. Ruta hutuma kwa nguvu ndogo, isiyozidi wati 0.2 hivi, na mara nyingi kinachokwama ni ruta kusikika na mnara. Antena nzuri inaifanya isikike pia.

Nichukue ya pande zote au ya kuelekeza?

Kwa nyumba iliyosimama mahali pamoja na mawimbi hafifu, ya kuelekeza. Ya pande zote inafaa kwenye gari, mashua, au pale usipojua mnara uko wapi na huwezi kupanda kuirekebisha. Lakini inaokota kelele za pande zote kwa ukarimu uleule.

Miongoni mwa za kuelekeza, ile bapa yenye umbo la kisanduku ndiyo ninayompa mtu anayeanza. Hushika bendi nyingi, haihitaji shabaha kali, na ndani yake tayari kuna antena mbili. Ile yenye vijiti vingi kama mifupa ya samaki huona mbali zaidi na hudai kuelekezwa kwa uangalifu.

Kwa nini antena zina kebo mbili? Naweza kuchomeka moja tu?

4G hutuma mikondo miwili ya data kwa wakati mmoja juu ya masafa yaleyale, na ruta huipokea kwa antena mbili. Ukichomeka moja, ruta inabaki na sikio moja la nje na jingine la ndani lililo dhaifu, na mahali ambapo mawimbi ni mazuri unaweza kupoteza karibu nusu ya kasi. Nunua antena yenye kebo mbili, au antena mbili zinazofanana.

Ukifunga mbili za mifupa ya samaki, moja ilaze nyuzi 45 kushoto na nyingine 45 kulia, ziwe kama herufi X. Minara mingi hutuma kwa mlalo huo. Zikisimama sambamba, ruta inashindwa kutofautisha mikondo miwili. Kwenye antena bapa kazi hii imeshafanywa ndani. Wewe angalia tu mshale wa kuonyesha upande wa juu.

Nimeona antena ndogo imeandikwa 35 dBi. Ni kweli?

Si kweli. Namba ya dBi inaeleza jinsi antena inavyobana mwelekeo wake, na kubana kunahitaji ukubwa wa mwili. Antena bapa ya ukubwa wa kitabu kikubwa hutoa kati ya 7 na 10. Kufika 24 kwenye masafa haya unahitaji sahani ya wavu yenye upana wa karibu mita nzima. Kijiti cha kukaa mezani chenye kebo nyembamba kilichoandikwa 35 hakistahili hata shilingi ya nauli ya kukifuata.

Kinachofaa kusomwa kwenye boksi ni masafa. Tazama kwenye ukurasa wa ruta unatumia bendi gani: Band 20 iko kwenye megahezi 800, Band 3 kwenye 1800, Band 1 kwenye 2100, Band 7 kwenye 2600. Antena lazima iandikwe kwamba inafika masafa yako.

Ruta yangu haina tundu la antena. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha. Kwenye ruta nyingi matundu yamefichwa nyuma ya kifuniko kidogo cha plastiki kinachochomolewa kwa ukucha. Kama kweli hayapo, usianze kufungua na kulehemu. Badilisha ruta, au nunua ruta ya nje ambayo antena zake zimo ndani ya kisanduku kisichoingiza maji. Hiyo hufungwa juu ya mlingoti na kuteremsha kebo moja ya mtandao inayobeba data na umeme pamoja.

Kwa nyumba iliyo mbali na mnara, mimi naipenda njia hii kuliko zote. Kebo ya mtandao huenda hadi mita 100 bila kupunguza mawimbi, kwa sababu kinachopita humo si mawimbi tena.

## Kebo: hapa ndipo watu wanapoumia

Kebo inaweza kuwa ndefu kiasi gani?

Fupi kadiri unavyoweza. Kebo hula mawimbi kila mita, na ikiwa nyembamba inakula zaidi. Kwenye megahezi 1800, RG58 ya kawaida hupoteza karibu desibeli 0.8 kwa mita. LMR-200, ambayo unene wake haupishani sana na hiyo, hupoteza karibu 0.5. LMR-400, nene kama kidole, hupoteza karibu 0.2. Kumbuka desibeli 3 ni nusu ya nguvu imepotea, na 10 ni sehemu tisa kati ya kumi.

Turudi kwenye ile nyumba. Mwenye nyumba aliponiita alikuwa ameshanunua antena bapa ya 9 dBi, ameifunga juu ya paa, na kuteremsha mita 15 za RG58 hadi kwenye ruta palepale sebuleni. Alipata -105. Alilalamika kwamba antena ni mbovu.

Antena haikuwa mbovu. Nilipanda na ruta yenyewe hadi usawa wa antena, nikaiwasha bila kuiunganisha: -100. Antena zilizo ndani ya ruta hutoa kama 2 dBi, kwa hiyo antena ya nje ilikuwa inaongeza 7. Kebo, kwa upande wake, ilikuwa inakula 15 mara 0.8, yaani 12. Hesabu ni -100 ongeza 7 toa 12: -105. Alikuwa amelipia antena, kebo na fundi wa paa, akapata kitu kinacholingana na ruta kukaa bure kwenye dirisha la ghorofani.

Tuliihamisha ruta ghorofani, chini kabisa ya ile antena, tukatumia mita 3 za LMR-200. Upotevu wa kebo ukawa 1.5 hivi, na konekta kama nusu desibeli. Ikasoma -95, na baada ya kuielekeza vizuri `SINR` ikafika 16. Sebuleni tukapeleka kebo ya mtandao kwenye kisambaza waifai kingine.

Kwa hiyo swali lako lisiwe kebo itafikaje mahali ruta ilipo. Uliza ruta ikae wapi ili kebo iwe mita 3 hadi 5.

Konekta imeingia na kukaza vizuri, lakini hakuna mawimbi kabisa. Kwa nini?

Angalia katikati ya konekta. Ruta nyingi za nyumbani zina tundu la SMA lenye kishimo katikati, kwa hiyo kebo inatakiwa kuwa na pini. Antena za waifai hutumia kaka yake, RP-SMA, ambaye kwa nje anafanana naye lakini pini imebadilishwa upande. Hizo mbili zinakazana kwa uzi wa skrubu bila shida, ila katikati hakuna kinachogusana. Ruta ndogo za mkononi hutumia TS9, ambayo ni ndogo na hulegea kwa urahisi. Usiiachie ibebe uzito wa kebo nzito.

Adapta moja si dhambi. Mnyororo wa adapta tatu ni upotevu na kutu.

## Kufunga na kuelekeza

Nitajuaje mnara uko wapi?

Ukurasa wa ruta mara nyingi huonyesha `Cell ID`. Kwa 4G, igawanye kwa 256 na uchukue namba nzima tu. Hiyo ndiyo namba ya mnara.

```
25734403 ÷ 256 = 100525, inabaki 3
mnara = 100525, upande wa mnara = 3
```

Itafute kwenye ramani ya CellMapper chini ya kampuni yako. Mahali palipoonyeshwa pengine ni makadirio tu, hivyo pachukulie kama dira ya kuanzia. Mnara unaouona kwa macho si lazima uwe wa kampuni yako, na hata ukiwa wake, kilima au jengo lililo kati yenu linaweza kuufanya ulio mbali uwe bora.

Namna gani nzuri ya kuielekeza?

Kuwa na mtu wa pili anayesoma namba kwa simu, au beba simu iliyounganishwa na waifai ya ruta. Anza na upande wa mnara. Geuza nyuzi 10 hadi 15, kaa tuli dakika moja nzima, andika `SINR` na bendi, geuza tena. Kosa la kawaida ni kugeuza mfululizo kama antena ya televisheni ya zamani: ruta huchelewa kuonyesha mabadiliko, na utajikuta unafuata namba za mahali ulipokwisha kupita.

Zunguka duara zima. Wakati mwingine mawimbi bora yanagonga jengo na kuja kutoka upande usioutarajia. Chagua penye `SINR` kubwa, hata kama `RSRP` imeshuka kidogo, kisha pima kasi mara tatu kabla ya kukaza nati.

Nimefunga, `RSRP` imepanda sana, lakini kasi imeshuka. Imekuwaje?

Tazama bendi. Ukiwa juu ya paa ruta inaona minara na bendi ambazo haikuziona ndani, na huenda imehamia Band 20, ambayo hufika mbali na kupenya kuta lakini kwa kawaida ina njia nyembamba kuliko Band 3 au Band 7. Ruta zinazoruhusu kuchagua bendi hukuwezesha kuilazimisha irudi kwenye ile pana. Jaribu kila bendi kwa siku moja, usiku ukiwemo. Kama ruta yako hairuhusu, geuza antena kidogo kuelekea mnara mwingine, au ishushe nusu mita.

Nimefunga na hakuna kilichobadilika hata namba moja.

Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya antena na uiweke kwenye ya nje (`External`). Baadhi ya ruta zikiachiwa `Auto` hubaki na za ndani. Zima na uwashe. Ikishindikana, chomoa kebo huku unatazama namba. Zisipotikisika, rudi kwenye swali la konekta hapo juu.

Vipi kuhusu mvua na radi?

Maji huingia kwenye konekta na kusafiri ndani ya kebo, na dalili yake ni namba zinazoshuka wiki kwa wiki bila sababu. Funga kila kiungo cha nje kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na kabla kebo haijaingia ukutani iache ining'inie kidogo kama tumbo, ili maji yadondoke hapo badala ya kufuata kebo hadi ndani.

Mlingoti wa chuma uunganishwe na ardhi kwa waya nene, na kebo ipitie kizuia radi chenye waya wa ardhi. Hiki husaidia kwa radi ya jirani. Radi ikipiga mlingoti wenyewe hakuna kifaa cha nyumbani cha kuizuia, kwa hiyo dhoruba ikikaribia, chomoa ruta kwenye umeme na kwenye antena mapema. Ikishaanza kupiga karibu, usiziguse kebo hizo.

## Kipaza mawimbi

Kipaza mawimbi kinatofautianaje na antena, na je, si bora kuliko antena?

Kipaza mawimbi, ambacho wengi huita busta, kina antena ya nje inayopokea, kikuza mawimbi kinachotumia umeme katikati, na antena ya ndani inayorusha upya. Kwa ruta, karibu kila mara ni chaguo baya zaidi. Kinakuza mawimbi pamoja na kelele zake, kwa hiyo `SINR` haiwezi kuzidi ile iliyookotwa na antena yake ya nje. Vingi vina njia moja tu, hivyo ile mikondo miwili ya data inabanwa kuwa mmoja. Tena, bendi ambayo kipaza hakiijui, hakiikuzi kabisa.

Jiulize: kama tayari una antena nzuri juu ya paa, kwa nini uyarushe mawimbi hewani tena wakati unaweza kuyaingiza kwenye ruta kwa kebo? Busta ina maana pale unapotaka simu za watu wote ndani zipige na kupokea.

Je, kinaruhusiwa kisheria?

Katika nchi nyingi huwezi kuwasha busta bila idhini ya kampuni ya simu au aina iliyothibitishwa na mamlaka ya mawasiliano. Sababu ni ya kweli: busta mbovu hupiga kelele kwenye masikio ya mnara na kuharibu mtandao wa mtaa mzima. Waulize kabla ya kulipa. Antena inayounganishwa kwa kebo haina kikuza, na kwa kawaida haiguswi na masharti hayo.

Busta yangu inawaka taa nyekundu au inajizima.

Antena ya ndani inasikiwa na ya nje, na sauti inazunguka, kama maikrofoni iliyowekwa mbele ya spika. Utengano kati ya antena hizo mbili lazima uzidi ukuzaji wa busta kwa desibeli 15 au zaidi. Tenganisha kwa kimo, si kwa upande tu. Ya nje itazame nje na kuipa nyumba kisogo. Kama paa ni la bati, likiwa kati yao linakusaidia.

Zile stika za kubandika nyuma ya ruta?

Hazifanyi kitu.

## Hali zisizo za kawaida

Hata nje, juu ya paa, napata -120. Antena itanifaa?

Pengine. Antena ya mifupa ya samaki ya 11 dBi juu ya mlingoti wa mita 5, ruta ikiwa karibu nayo, inaweza kukuongezea desibeli 8 au 9, na kupanda juu kukaongeza zaidi kama kinachozuia ni miti au nyumba. Kama ni kilima, mlingoti wa nyumbani hautakiruka. Kabla ya kununua, jaribu laini ya kampuni nyingine kwenye simu palepale juu. Mnara wao unaweza kuwa upande wa pili wa kilima, yaani upande wako.

Nina ruta ya 5G. Antena ya 4G itafanya kazi?

Angalia masafa. 5G katika sehemu nyingi iko kwenye bendi n78, karibu na megahezi 3500, na antena nyingi za 4G huishia 2700. Kebo nayo hula zaidi kwenye masafa hayo ya juu. Pia ruta nyingi za 5G zina antena nne ndani na matundu mawili tu nje, na ukichomeka ya nje unaweza kupata nguvu zaidi huku ukipunguza mikondo. Kwa 5G, mimi hujaribu kwanza ruta dirishani bila antena, napima siku mbili, ndipo naamua kama kuna cha kununua.